Kola ya Okonkwo si ‘chai’: Mtihani wa kutafsiri vyakula na majina ya ukoo

Muhula uliopita niliwapa wanafunzi wangu wa uzamili kurasa chache kutoka sura ya tatu ya Things Fall Apart, riwaya ya Chinua Achebe iliyochapishwa mwaka wa 1958. Kazi yao ilikuwa kuzitafsiri kwa Kiswahili kana kwamba hakuna aliyewatangulia. Najua, kama wanavyojua wasomaji wengi wa safu hii, kwamba Clement Ndulute aliitafsiri riwaya hiyo zamani, na ikatoka mwaka wa 1973 kwa jina la Shujaa Okonkwo. Niliwakataza kuifungua hadi wakamilishe yao. Sikutaka waige wala wakosoe. Nilitaka wakwame wenyewe.

Na walikwama kweli. Mmoja aliniletea kurasa mbili zilizokuwa na tanbihi kumi na moja. Tanbihi zilikuwa ndefu kuliko hadithi. Mwingine hakuwa na tanbihi hata moja, ila katika tafsiri yake watu wa Umuofia walikuwa wanatafuna miraa, wanalima mahindi na kupelekeana chai. Wa tatu aliyaacha maneno yote magumu jinsi alivyoyakuta, akayapiga mstari, akasema msomaji atajijua. Wote watatu ni wanafunzi hodari. Makosa yao ndiyo yaliyonisukuma kuandika makala haya, kwa sababu yanaonyesha njia tatu alizo nazo mtafsiri, na pia yanaonyesha kinachotokea anayeishika mojawapo akaifanya dini.

Kwanza niieleze sehemu yenyewe kwa ufupi. Okonkwo ni kijana asiyerithi kitu. Baba yake, Unoka, alikuwa mpiga filimbi mzuri na mkulima mbaya, mtu wa madeni. Kijana huyu anataka kuanza kulima, lakini hana mbegu. Anakwenda kwa Nwakibie, tajiri wa kijiji mwenye wake tisa na watoto thelathini. Anabeba mtungi wa tembo na jogoo. Nwakibie anawaita majirani wawili wazee, na wanawe wawili wakubwa wako pale. Mwenyeji anatoa kola na kiungo fulani cha kuliwa nayo, vinazungushwa vionwe na wote, kisha anaipasua kola na kuomba dua. Baada ya kuila, Okonkwo anautoa mtungi wake pembeni, anauweka katikati, anamwita Nwakibie ‘Nna ayi’ na kumwambia kuwa amemletea kola kidogo. Wake wa mwenye nyumba wanaitwa waje kunywa. Mwishowe kijana anaeleza haja yake, naye anapewa mbegu mia nane za kile kinachoitwa mfalme wa mazao.

Basi tuanze na kola, kwa kuwa ndiyo iliyowaangusha wengi.

Kola ni mbegu ya mti wa Afrika Magharibi. Ni chungu mdomoni na ina kafeini, kama kahawa. Yule mwanafunzi wa miraa hakuropoka. Alikuwa na hoja, tena hoja nzuri. Miraa nayo hutafunwa, huchangamsha, na kwa Wameru kitita chake kilichofungwa kwa heshima hupelekwa ukweni wakati wa kuposa. Akasema: kama kola ni ishara ya heshima inayotafunwa, kwa nini nisimpe msomaji wa Kenya kitu ambacho tayari anakijua? Mwenzake kutoka Pwani akajibu kwamba kwa mantiki hiyo ingefaa tambuu na popoo yake, maana zamani mgeni wa heshima hakukosa kutengewa tambuu. Wakabishana nusu saa. Nikawaacha.

Hii ndiyo njia ya kwanza, ambayo mimi huiita kukigeuza kitu kuwa cha kwetu. Inavutia kwa sababu msomaji hasimami. Lakini ina mtihani mmoja rahisi ambao kila mtafsiri anaweza kuufanya mwenyewe bila kumwita profesa: chukua neno uliloliweka, kisha soma mbele uone kama litafika mwisho wa ukurasa likiwa hai. Miraa haifiki. Mwenyeji wa Kiigbo huishika kola, huiombea, huipasua vipande na kuigawa. Miraa haipasuliwi. Tambuu nayo haipasuliwi, husokotwa. Ukishaiweka miraa, unalazimika kuibadilisha dua, kisha mikono ya anayeomba, kisha mpangilio wa kugawa, na mwisho wake unajikuta umetunga kisa chako.

Balaa kubwa zaidi linakuja aya moja mbele. Okonkwo anaposema amemletea mzee kola kidogo, kola iliyotolewa na mwenyeji imekwisha kuliwa. Kilichoko katikati ya chumba ni mtungi wa tembo. Sasa ‘kola’ ni ipi? Wanafunzi wanne waliandika kwamba Okonkwo alitoa kola nyingine mfukoni, jambo ambalo Achebe hakuliandika popote. Ukweli ni kwamba hapa neno hilo limetoka kwenye mbegu likawa jina la zawadi. Mgeni mnyenyekevu akileta kitu kwa mkubwa, hata kiwe kikubwa namna gani, hukiita kola yake ndogo. Ni sawa na mtu wa kwetu anayekuja na mbuzi mzima halafu anasema nimepitia tu na kitu cha watoto.

Yule mwanafunzi wa ‘chai’ alilielewa jambo hilo vizuri kuliko wenzake wote. Alijua kuwa kola hapa ni zawadi, akatafuta neno la Kiswahili la Kenya ambalo limefanya safari ileile kutoka kinywaji hadi zawadi, akaandika: nimekuletea chai kidogo. Mwingine akaandika ‘kitu kidogo’. Darasa likaangua kicheko, na kicheko hicho kilitosha kuwa masahihisho. Hakuna Mkenya anayeweza kusoma maneno hayo mawili bila kumwona askari wa barabarani au karani aliyekalia faili. Kwa neno moja tu Okonkwo amekuwa mtoa hongo, Nwakibie amekuwa mla rushwa, na zile mbegu mia nane zimekuwa malipo. Kumbe kisa kizima kimejengwa juu ya kinyume chake: tajiri anampa kijana mbegu kwa sababu amemwona ni mchapakazi asiyeogopa jembe, ilhali vijana wengine waliokuja kuomba aliwanyima. Ajabu ni kwamba hata huko Nigeria neno kola limepata pia maana ya hongo katika maisha ya miji na ofisi. Lakini hilo ni la baadaye. Halimo katika nyumba ya Nwakibie, na mtafsiri hana ruhusa ya kulileta.

Kwa hiyo nikawaambia: kola ibaki kola. Ni neno fupi, linatamkika kwa Kiswahili bila shida, na msomaji amekwisha kulisikia hata kama ni kwenye chupa ya soda. Mara ya kwanza linapotokea, lifafanueni ndani ya sentensi kwa maneno machache: mbegu chungu ya kola, ambayo mgeni hakaribishwi bila hiyo. Huu ndio ufafanuzi wa ndani, njia ya pili. Sifa yake ni kwamba msomaji anaelezwa bila kujua kuwa anaelezwa. Hatari yake ni urefu. Maneno matano hadi kumi yanamezwa na sentensi. Yakifika ishirini, utasikia sauti ya mwalimu imeingia sebuleni kwa Nwakibie. Na usimpe mhusika ufafanuzi huo autamke, kwa sababu Mwigbo hamwelezi Mwigbo mwenzake kola ni nini. Mpe msimulizi.

Na pale kwenye ‘kola kidogo’ ya Okonkwo? Hapo nilikubali tanbihi. Ni mahali pamoja tu katika kurasa zote zile. Neno limebadilika maana ndani ya kinywa cha mhusika, msimulizi wa Achebe hasemi lolote kulihusu, nami nikimwongezea sentensi nitakuwa nimemtia maneno mdomoni. Tanbihi ya mstari mmoja, kwamba mgeni huita zawadi yake yoyote kola kwa unyenyekevu, inatosha. Msomaji anashuka, anapanda, anaendelea. Akishuka mara kumi na moja katika kurasa mbili, hapandi tena.

Kiungo kile kinacholiwa na kola kina hadithi yake. Kiingereza kimekipa jina linalounganisha pilipili na mnyama wa jamii ya mamba. Nusu ya darasa iliandika ‘pilipili mamba’ au ‘pilipili ya mamba’, na mmoja akaweka tanbihi kueleza kwamba Waigbo walikula mamba. Kwanza, kitu chenyewe si pilipili. Ni mbegu ndogo kali za mmea wa ukoo wa tangawizi na iliki. Pili, Waigbo hawamtaji mamba popote. Wao huiita ose oji, yaani pilipili ya kola, kwa kuwa huliwa nayo. Sasa mbona tuhangaike na mamba wa Waingereza wakati wenye kitu wametupatia jina safi? ‘Pilipili ya kola’ inaeleweka mara moja, haihitaji maelezo, na inamwambia msomaji matumizi yake. Hapa ipo siri ambayo watafsiri wa Afrika tunaisahau: riwaya hii imeandikwa kwa Kiingereza, lakini Kiingereza chenyewe ni tafsiri. Nyuma yake kuna Kiigbo. Ukikwama mbele ya neno la Kiingereza, hebu jaribu kupita nyuma yake. Mara nyingi utakuta njia ya huko ni fupi.

Tuje kwa mfalme wa mazao. Kamusi haina utata: ni kiazi kikuu, kwa wingi viazi vikuu. Utata uko kichwani mwa msomaji. Mwambie mtu wa Nairobi ‘viazi’ naye anaona chipsi. Ndiyo maana yule mwanafunzi wangu alikimbilia mahindi. Alisema, na alisema kweli, kwamba Mkenya asipokula ugali anasema hajala, kwa hiyo cheo ambacho Waigbo wanakipa kiazi kikuu sisi tunakipa mahindi. Kama lengo la tafsiri ni athari iliyo sawa kwa msomaji, mahindi ndiyo jibu.

Nikamwomba afanye ule mtihani wa kusoma mbele. Alipofika sura ya nne alikaa kimya. Huko Achebe anaeleza kilimo cha viazi vikuu hatua kwa hatua. Vikonyo vichanga huzungushiwa majani ya mkonge kuvikinga na joto la ardhi. Mvua ikishika, wanawake hupanda mahindi, matikiti na maharagwe katikati ya matuta. Kisha viazi husimikiwa miti, kwanza vijiti vidogo, baadaye matawi marefu, ili vitambae. Kwa hiyo katika tafsiri ya mwanafunzi wangu wanawake walipanda mahindi katikati ya mahindi, halafu mahindi yakasimikiwa matawi ya miti ili yatambae. Na kuna hesabu pia. Mbegu mia nane za mahindi zinaingia katika viganja vya mtu na kubaki nafasi. Nani atapeleka mtungi wa tembo na jogoo kuomba viganja viwili vya mahindi? Mbegu ya kiazi kikuu ni kiazi chenyewe, kidogo au kipande chake. Mia nane ni mzigo wa watu wengi, na ni mali.

Lakini hasara kubwa si ya hesabu. Riwaya hii inatenganisha mazao ya mwanamume na ya mwanamke. Kiazi kikuu ni cha mwanamume. Magimbi, maharagwe na mihogo ni ya wanawake. Mama yake Okonkwo na dada zake walijitahidi na mazao hayo, ila hayakumfanya mtu aitwe mkuu. Ukichanganya jina moja tu umeuvunja mpaka ambao Okonkwo anaupigania maisha yake yote, maana hofu yake ni kuonekana dhaifu kama baba yake, na udhaifu kwake una sura ya kike. Kwa hiyo magimbi nayo lazima yachaguliwe kwa uangalifu. Mwanafunzi mmoja aliandika ‘nduma’, neno tunalolijua sote sokoni hapa Kenya. Ni tamu sikioni, lakini msomaji wa Tanzania atapotea, na kitabu cha Kiswahili hakiandikiwi kaunti mbili. Magimbi yatosha.

Kuhusu kiazi kikuu, Kiswahili kimetupa bahati ambayo Kiingereza hakina. Ile -kuu ni cheo. Lugha yetu yenyewe imekwisha kukitawaza kiazi hiki juu ya vingine, kwa hiyo Achebe anapokiita mfalme, msomaji wa Kiswahili anaona jina na sifa vimekutana. (Mwanafunzi mmoja alilalamika kuwa ‘kikuu’ inamkumbusha kifua kikuu. Nilimwambia anywe maji.) Ushauri wangu ni mmoja tu: msifupishe. Katika sura za kwanza andikeni viazi vikuu kila mara, hata kama ni kirefu na kinachosha. Mkiandika ‘viazi’ peke yake, chipsi zinarudi. Msomaji akishazoea, kuanzia sura ya tano au ya sita hivi, mnaweza kulegeza. Na mara ya kwanza, msimulizi aseme kwa maneno machache kwamba ni zao la kutambaa. Wasomaji wanaotoka nyanda za Mlima Kenya watawakumbuka wazee waliopanda ikwa chini ya miti, nao hawatahitaji zaidi ya hapo.

Tembo lilitusumbua kidogo tu. Mnazi ni jina la mti na la pombe yake, na ni wa Pwani. Tembo la Umuofia hutoka kwenye miti mingine ya jamii ya mitende, hasa mchikichi. Tulikubaliana kuandika ‘tembo la mchikichi’ mara moja na ‘tembo’ baadaye. Anayeligema tuna jina lake tayari, mgema, ambaye hata katika methali zetu ni mtu wa kuangaliwa.

Vyakula, hata hivyo, ni rahisi ukilinganisha na ukoo. Chakula kikikosewa msomaji huhisi ladha ngeni na kushtuka. Jina la ukoo likikosewa hasikii kitu. Anapita tu, akiwa amepotea.

Chukua hilo ‘Nna ayi’. Maana yake neno kwa neno ni ‘baba yetu’. Mimi mwenyewe nilianguka hapo nilipokuwa kijana. Nilitafsiri sehemu hii kwa mara ya kwanza nikiwa na fahari, nikamsomea mama yangu jioni moja. Nilipofika mahali Okonkwo anapoinua kichwa na kusema “Baba yetu,” mama, bila kuacha kuchambua mboga, akanimalizia: “uliye mbinguni.” Hakukusudia mzaha. Maneno hayo mawili yakikaa pamoja mwanzoni mwa kauli, kwa Mkristo wa nchi hii si salamu tena, ni sala. Okonkwo alikuwa amepiga magoti kanisani kabla mmishonari wa kwanza hajafika Umuofia.

Wanafunzi wengi waliliona hilo, wakaandika ‘mzee wetu’. Ni Kiswahili kizuri cha heshima, na katika riwaya nyingine ningekipitisha. Hapa kinapoteza kitu. Kijana huyu ana baba, na baba huyo hakumwachia hata ghala. Amekuja kuomba kwa mtu mwingine kile ambacho mtoto hupewa na baba yake. Anapomwita ‘baba’, ni adabu ya kawaida ya Waigbo, ndiyo, lakini msomaji makini anakiona kidonda chini ya adabu hiyo. ‘Mzee’ inakifunika. Kwa hiyo neno baba lazima lisikike, na sala isisikike. Tulichofanya ni kuliacha Nna ayi katika kinywa cha Okonkwo kama alivyolitumia Achebe mwenyewe, na kumwachia msimulizi aseme kabla ya hapo kwamba alimwita baba wa wote. Maneno matatu. Achebe naye ametangulia kulifafanua kupitia msimulizi, kwa hiyo hatukumwongezea. Tuliigeuza tu ile ‘yetu’ iliyokuwa inavuta sala.

Kisha wanakuja wake. Hakuna anayekunywa kabla ya Anasi, mke wa kwanza, naye bado hajafika. Wenzake wanasimama wakingoja. Hapa Kiswahili ni tajiri: tuna mke mwenza, tuna bi mkubwa. Wanafunzi wa Pwani waliandika bi mkubwa, wa bara wakaandika mke wa kwanza, na mmoja wa Nairobi akaandika ‘bibi wa kwanza’, jambo lililowafanya wenzake wa Mombasa waulize kama Nwakibie ameoa nyanya yake. Mimi napendelea ‘mke mkubwa’. ‘Wa kwanza’ ni hesabu, ‘mkubwa’ ni cheo, na Anasi anavaa mguuni bangili ya vyeo vya mumewe, inayoruhusiwa kwa mke wa kwanza peke yake. Bi mkubwa ingefaa pia, ila inaleta harufu ya nyumba ya Kiislamu, na msomaji akifika mke wa tano ataanza kuhesabu. Nwakibie anao tisa.

Mfano ninaoupenda kuliko yote hauko katika sura hiyo. Niliwaongezea wanafunzi kurasa mbili za sura ya kumi na nne ili waone kwamba si kila mara tunakwama. Wakati huo Okonkwo ni mtu mzima mwenye jina. Bunduki yake imemuua kijana wa ukoo wake kwa bahati mbaya, naye lazima akae uhamishoni miaka saba. Anakimbilia Mbanta, alikozaliwa mama yake, na kupokewa na Uchendu, ndugu mdogo wa mama. Kiingereza hakina jina la mtu huyo. Kinasema ndugu mdogo wa mama, au kinatumia lile neno lake linalomeza ndugu za baba na za mama pamoja, ambalo vijana wetu wameligeuza ‘anko’. Sisi tunalo: mjomba. Na Okonkwo kwa Uchendu ni mpwa. Mambo ambayo Achebe ilimbidi ayafungue kwa maneno matatu ya Kiingereza, Kiswahili kinayafunga kwa moja.

Mahali penyewe nako kuna mtego. Achebe ameunganisha maneno ya Kiingereza ya ‘mama’ na ‘nchi’ kutaja Mbanta. Siku hizi Kiingereza hulitumia neno hilo kwa uzalendo, nchi ambayo mtu huifia. Wanafunzi watatu waliandika ‘nchi yake ya asili’ na mmoja ‘nchi aliyozaliwa’. Yote ni kinyume. Okonkwo amefukuzwa kutoka nchi yake ya asili! Anakwenda kwa watu wa mama yake, na hotuba yote ya Uchendu inasimama juu ya tofauti hiyo: kwa nini mtoto aliye wa baba, mambo yakimharibikia, hukimbilia kwa mama? Kwa nini mama huzikwa kwa ndugu zake, wala si kwa mumewe? Mama yake Okonkwo mwenyewe alirudishwa Mbanta akazikwa huko. Kiswahili kina neno la mahali hapo, ujombani, ambalo halina bendera wala wimbo wa taifa ndani yake. Okonkwo alikimbilia ujombani. Basi.

Hapo ndipo yule mwanafunzi wa tanbihi kumi na moja alipoinua mkono. Alikuwa amezipunguza hadi mbili. Ya kwanza ilikuwa ile ya kola, tuliyokubaliana. Ya pili aliiweka kwenye ‘ujombani’. Nikamuuliza kwa nini anaeleza Kiswahili kwa Mswahili. Akanijibu: “Prof, nyumbani kwetu Umoja kila mwanamume mzima ni mjomba, hata mwenye duka. Msomaji wangu akisoma ujombani atadhani ni kwa rafiki wa baba.” Nikamwambia aiondoe, aandike mara ya kwanza ‘ujombani, kwa ndugu za mama yake’, na asonge mbele. Alikataa. Alisema neno lililosahauliwa na wenyewe linastahili mstari wake chini ya ukurasa kuliko kola ya Waigbo. Kazi yake nimeisahihisha juzi. Tanbihi bado iko pale, nami nimempa alama zake zote isipokuwa moja.